Kamera ifanye jambo moja, mwanga uwe na mlango wake: kuandika maelekezo ya tangazo la korosho

"Shikamoo kaka. Nakaanga korosho hapa Mtwara na kuziuza kwenye vikopo vya plastiki vya gramu 250. Natengeneza tangazo kwa programu ya akili mnemba inayotoa video. Maelekezo ninayoandika ni haya hapa chini. Tatizo kamera inazunguka kama imelewa, maandishi ya lebo yanayeyuka, na korosho zinang'aa kama za plastiki. Niandikeje mwendo wa kamera, mwanga na lenzi ili ionekane imepigwa na kamera ya kweli?"

```
cinematic video of cashew jar, camera flying around,
amazing lighting, luxury, 4k
```

Marahaba, mdogo wangu. Katika mstari wako kuna vitu viwili tu vinavyoweza kuonekana kwa macho: korosho na kopo. Yaliyobaki ni sifa, na sifa haipigiki picha. Programu hizi zimefundishwa kwa video nyingi mno zilizoambatana na maelezo yake, kwa hiyo kila neno unaloandika linaita mfano wa video zilizowahi kuelezwa kwa neno hilo. `cinematic` limeandikwa kwenye video za milima, za magari na za harusi, hivyo haliiambii programu lolote kuhusu kopo lako. `luxury` kwa uzoefu wangu huleta mng'ao wa chupa za manukato na saa za mkononi, na ndiyo maana korosho zako zimepakwa vanishi. Na `flying around` linaita kamera inayoruka, basi imeruka.

Mimi nina kipimo kimoja kabla ya kubonyeza kitufe. Najiuliza: mstari huu ningempa kijana anayeshika kamera na mwenzake anayeshika kadibodi nyeupe ya kurudisha mwanga, wangejua wasimame wapi? Ukimwambia kijana "mwanga wa ajabu" atabaki anakutazama. Ukimwambia "jua la asubuhi linaingia kwa dirisha lililo nyuma ya kopo, upande wa kushoto," ataenda moja kwa moja dirishani. Programu nayo inahitaji maneno ya namna hiyo hiyo.

Kabla ya maneno, anza na picha. Programu nyingi zinaruhusu upakie picha moja iwe fremu ya kwanza, halafu maandishi yako yaeleze kinachotokea kuanzia hapo. Kwa bidhaa yenye lebo hii ndiyo njia ninayoitumia karibu kila mara, kwa sababu bila picha programu itabuni kopo lake, lebo yake na hata korosho zake. Nimeshaona ikitoa kitu kilicho katikati ya korosho na lozi, na nimeshaona mkorosho ambao korosho imeota juu ya bibo badala ya kuning'inia chini yake. Mtu wa Newala akiona hivyo, tangazo limekufa papo hapo. Piga kopo lako halisi kwa simu, juu ya meza halisi, lebo ikitazama kamera sawasawa, na ulipige kwa wima kama watu watalitazama kwenye simu.

Ukishakuwa na picha, maneno yako hayana haja tena ya kueleza kopo lilivyo. Linaonekana. Eleza kinachosogea, na utaje mwanga kwa sentensi moja inayokubaliana na mwanga ulio kwenye picha. Hapo ndipo wengi wanapokwama bila kujua. Mtu anapiga picha usiku chini ya taa ya tyubu iliyo darini, halafu anaandika kwamba jua linatoka nyuma. Programu inapokea amri mbili zinazopingana, picha inasema hivi na maneno yanasema vile, na katika sekunde ya pili au ya tatu utaona kopo linaanza kubadilika rangi, kivuli kinahama, na herufi zinaondoka nacho. Kwa hiyo mwanga unaupanga mara mbili: kwanza unapopiga picha, kisha unapoandika.

Sasa tukae kwenye mwanga, maana kwa korosho ndio wenye kazi kubwa kuliko kamera. Mwanga unahitaji mambo matatu: unatoka wapi, ni mkali au laini, na una rangi gani. La kwanza ndilo linaloamua. Ukiuweka mwanga mbele, nyuma ya kamera, korosho zinakuwa bapa, vivuli vyote vinajificha nyuma yake na chembe za chumvi hazionekani. Juu ya hapo, plastiki ya kopo inarudisha mwanga kwa kamera na kuacha doa jeupe juu ya lebo. Ukiuhamishia nyuma na kando, ukiwa chini kidogo, kila korosho inapata ukingo unaong'aa upande mmoja na kivuli upande wa pili. Mikunjo yake inaonekana, chumvi inameta, na mwanga unapita ndani ya kopo hadi plastiki yenyewe inaonekana safi. Ubaya wake ni kwamba lebo, iliyo mbele, inabaki kivulini. Dawa yake ni kadibodi nyeupe upande wa kulia inayorudisha mwanga kidogo mbele. Ukiwa na dirisha na kipande cha boksi jeupe, unaweza kuvipanga hivyo nyumbani kwako leo, na programu inaelewa ukivitaja.

Kuhusu ukali: jua tupu linatoa vivuli vyenye kingo kali, na dirisha lililotundikwa pazia jepesi au kanga nyeupe linatoa kivuli kinachofifia polepole. Kwa chakula napenda kati ya hayo mawili, jua halisi lakini la mapema, likiwa bado chini. Kwetu huku jua linapanda karibu wima, kwa hiyo ule mwanga wa chini wenye rangi ya asali haukai. Ndani ya nusu saa hivi tangu kuchomoza umeshakwisha. Piga picha yako ya mwanzo ndani ya nusu saa hiyo, halafu andika `early sun`.

Na hapa nikupe tahadhari ya kwetu. Maneno `golden hour` na `sunset` programu hizi hupenda kuyatafsiri kwa jua linalozama baharini. Niliwahi kumtengenezea mteja tangazo la mafuta ya nazi, chupa iko mchangani, nyuma jua jekundu linazama majini. Lilikuwa zuri sana. Aliyelikataa ni mama yake mteja, akauliza hiyo bahari ni ya wapi, maana jua la Mtwara linachomoza upande wa bahari na kuzama nyuma yetu, upande wa Masasi. Alikuwa na haki. Ukitaka bahari na jua la chini kwenye fremu moja, andika asubuhi. Na rangi ya majini isiwe nyekundu ya moto, iwe ya njano iliyopauka.

Rangi ina mtego mwingine. Ukisema mwanga wa joto tu, programu inaweza kupaka kila kitu njano, korosho zinaonekana zimeungua na lebo nyeupe inakuwa kama karatasi ya zamani. Ndiyo maana naongeza kwamba weupe wa lebo ubaki mweupe. Sentensi yangu nzima ya mwanga inakuwa hivi:

```
Early sun from a window behind left, soft white fill
from the right, warm light, the label stays neutral white.
```

Nimeiandika kwa Kiingereza makusudi. Programu kadhaa zinapokea Kiswahili, lakini majina ya kazi ya kamera na mwanga zinayafahamu zaidi kwa Kiingereza, kwa sababu ndivyo yalivyoandikwa kwenye sehemu kubwa ya maelezo zilizofundishwa nayo. Wewe ipange picha kichwani kwa Kiswahili mpaka uione, ndipo uitafute kwa maneno yao.

Kisha, sentensi hiyo usiibadilishe. Tangazo lako litakuwa na vipande vitatu au vinne, maana programu hizi kwa kawaida hutoa sekunde 5 hadi 10 kwa mara moja. Inakili ilivyo, neno kwa neno, kwenye kila kipande. Ukiandika dirisha la kushoto hapa na `morning light` tupu pale, vivuli vitaelekea huku na huku, na mtazamaji atahisi kuna kitu hakiko sawa hata kama hawezi kukitaja.

Twende kwenye mwendo wa kamera. Kanuni yangu ni kipande kimoja, mwendo mmoja. Sekunde 5 ni muda mfupi. Ukiomba kamera isogee mbele, izunguke, kisha ipande juu, programu itachanganya yote matatu kwa pamoja, na hilo ndilo ulilolieleza kama ulevi. Hata kwa mtu mwenye kamera halisi, sekunde 5 hazitoshi kufanya mambo matatu kwa utulivu.

Lebo inayeyuka kwa sababu gani? Programu haijui herufi kama wewe unavyozijua. Inaona maumbo meusi juu ya meupe, na kila fremu inalazimika kuyachora upya yafanane na fremu iliyotangulia. Kopo likitulia na lebo ikitazama mbele, kazi hiyo ni nyepesi. Kamera ikizunguka, upande wa lebo unajikunja, sehemu inajificha, na upande wa nyuma ambao hukuupiga picha unatakiwa uonekane. Programu haina pa kuutoa, inaubuni. Kamera ikirudi mbele, lebo iliyorudi ni ya kubuni pia. Kwa hiyo mzunguko mzima achana nao kabisa. Ukipenda hisia ya kuzunguka, omba kamera itelezee kando kidogo tu, `a short arc to the right`, kiasi ambacho lebo yote inabaki inaonekana mwanzo hadi mwisho.

Kuna tofauti moja ya mwendo ambayo nataka uielewe vizuri, kwa kuwa ndiyo inayotenganisha video ya kamera na picha iliyokuzwa: kusogeza kamera na kuvuta zumu. Kamera ikisogea yenyewe mbele, `dolly in`, vitu vya karibu vinapita haraka, vya mbali vinakaa karibu palepale, na jicho linahisi kina cha chumba. Ukivuta zumu, `zoom in`, kamera haijatoka ilipo, kwa hiyo kila kitu kinakua kwa kiwango kimoja kama picha unayoipanua kwa vidole kwenye simu. Programu mara nyingi huombwa ya kwanza ikatoa ya pili. Utaijua kwa kutazama nyuma ya kopo: kama ukingo wa dirisha umekaa mahali palepale ukilinganisha na bega la kopo, na vyote vimekua pamoja, umepewa zumu. Kuilazimisha isogee kweli, weka kitu mbele ambacho kamera itakipita. Mimi hutumia ukingo wa ungo, ukiwa karibu mno na lenzi hata umefifia. Ukiandika kwamba ukingo uliofifia unapita mbele ya kamera, programu haiwezi kutimiza hilo kwa zumu, ni lazima ihame. Kumbuka tu kwamba ukingo huo uwemo pia kwenye picha yako ya mwanzo.

Kasi iseme kwa `slow`, na umbali useme kwa mwanzo na mwisho: kamera inaanzia kopo zima linaonekana, inaishia lebo imejaza nusu ya fremu. Sentimita hazisaidii, haizipimi. Na usiandike unachokikataa. Ukiandika kamera isitikisike, umeshalitaja neno la kutikisika, na programu nyingi zinalichukua hilo neno na kuliacha lile la kukataa. Andika unachokitaka: kamera imefungwa kwenye stendi, `locked-off camera on a tripod`. Baadhi ya programu zina kisanduku cha pembeni cha vitu usivyovitaka, na humo ndimo pa kuviandika.

Kamera kutulia kabisa ni chaguo ambalo watu hulisahau, na kwa kopo lenye lebo ndilo bora. Kamera inatulia, kopo linatulia, kinachosogea ni kitu kingine: kivuli cha pazia mezani, chumvi inayodondoka, mkono uliokwisha kuwemo kwenye picha. Video inapumua na herufi zako zinabaki salama.

Kwenye lenzi sitakaa sana, ila kuna jambo moja lazima nikwambie. Watu wanaandika `85mm`, `f/1.8`, na hata jina la kamera, wakidhani programu inakokotoa kama lenzi. Haikokotoi. Namba hizo zinafanya kazi kama kidokezo tu, kwa kuwa picha nyingi za sura zenye usuli uliofifia zimeandikiwa hivyo. Tumia namba ukipenda, lakini taja pia matokeo yake kwa macho. Lenzi pana, kama `24mm`, ikiwa karibu na kopo inalivimbisha tumbo na kuinamisha kingo zake. Lenzi ndefu kama `85mm` ikiwa mbali kidogo inaacha pande za kopo zimenyooka na usuli umefifia. Kwa bidhaa yenye umbo maalum nataka hiyo ya pili, naandika kwamba pande za kopo zimenyooka na chumba cha nyuma kimelainika. Usiombe vinavyopingana. Ukisema lenzi ya karibu sana yenye fokasi nyembamba na papo hapo ukasema jiko lote lionekane wazi, moja litaachwa, na huna uwezo wa kuchagua lipi.

Lenzi ya karibu sana, `macro`, ina jambo la ziada kwako. Inaifanya korosho ijaze fremu, na korosho yoyote iliyojaza fremu inaonekana kubwa. Unajua biashara hii kunishinda: daraja la `W180` ni zile kubwa, zisizozidi 180 kwa ratili moja, na `W320` ni ndogo, hufika 320 kwa ratili hiyohiyo. Mteja akiona korosho kama ngumi kwenye tangazo kisha akafungua kopo la `W320`, atasema umemdanganya, na kama ulipakia vipande huku video ikionyesha nzima, atakuwa anasema kweli. Kwa hiyo kila ukitumia lenzi ya karibu sana, weka kitu kinachojulikana ukubwa wake kwenye fremu hiyo. Ncha za vidole viwili zinatosha. Na picha ya mwanzo iwe ya korosho zako zenyewe, za daraja unalouza.

Sasa tulitengeneze tangazo lako. Tuchukue vipande vitatu vya sekunde 5, jumla sekunde 15. Utapiga picha tatu asubuhi moja, meza moja, dirisha moja la kushoto nyuma, boksi jeupe kulia.

Picha ya kwanza ni korosho zilizokwisha kukaangwa zikiwa kwenye ungo, kamera iko chini usawa wa meza, ukingo wa ungo unakata kona ya mbele. Nataka mtazamaji ahisi kazi ya mikono kabla ya kuona kopo. Mwendo ni mmoja, kuteleza kando. Chumvi inadondoka, na kwa kuwa mwanga uko nyuma, kila punje itawaka.

```
Camera slides slowly left to right at table height.
The blurred rim of the basket passes in front.
Fine salt falls onto the cashews and catches the light.
Focus stays on the nearest cashews.
Early sun from a window behind left, soft white fill
from the right, warm light, natural matte surface.
```

Utaona nimebadili mwisho wa sentensi ya mwanga, kwa sababu hapa hakuna lebo. Mahali pake nimeweka kwamba ngozi ya korosho haing'ai. Hayo ndiyo maneno yanayoondoa ule uplastiki. Korosho iliyokaangwa ina mafuta kidogo lakini si kioo, na programu isipoambiwa hupenda kung'arisha.

Picha ya pili ni kopo, lebo mbele, kofia imefungwa, meza ina nafasi ya kivuli upande wa kulia wa kopo. Kamera haisogei.

```
Locked-off camera on a tripod. The jar stands still,
label facing camera. A curtain outside the frame stirs
and its soft shadow drifts over the table at right.
Early sun from a window behind left, soft white fill
from the right, warm light, the label stays neutral white.
```

Angalia nilivyokielekeza kivuli mezani, kulia kwa kopo. Nilipojaribu maelekezo ya namna hii nikiacha kivuli kipite juu ya lebo, herufi zilianza kuhama kila kilipozigusa. Programu inapolazimika kuchora herufi kivulini kisha kuzirudisha kwenye mwanga, inakosea. Kivuli kikiwa mezani, chumba kina uhai na lebo haiguswi.

Picha ya tatu ni kopo limefunguliwa, vidole vimeshika korosho moja juu ya mdomo wa kopo. Anza na mkono ukiwa tayari umo kwenye picha. Mkono unaoingia kutoka nje ya fremu ni wa kubuni, na mara nyingi ndio unaokuja na vidole sita.

```
Slow dolly in over a short distance, at jar height.
The hand lifts one cashew slightly and stops.
Straight jar sides, room behind is softly blurred.
Early sun from a window behind left, soft white fill
from the right, warm light, the label stays neutral white.
```

Hapa kuna mwendo wa kamera na mwendo wa mkono kwa pamoja, ndiyo maana vyote viwili nimevifanya vidogo. Kama matokeo yataleta fujo, wa kwanza kuondoa ni wa kamera. Mkono ndio unaouza.

Kila jaribio linakula salio lako, kwa hiyo jaribu kwanza kwa ubora wa chini na muda mfupi kama programu inaruhusu, na badilisha jambo moja tu kila mara. Ukibadili mwanga, mwendo na lenzi kwa mkupuo na ikatoka vizuri, hutajua ni lipi lililosaidia. Programu inayokupa namba ya `seed`, yaani namba inayoanzisha kila jaribio, ishike namba hiyo hiyo wakati wa kujaribu, vinginevyo matokeo yanabadilika hata kama hukugusa neno.

Ukipata kipande, usikitazame kikicheza tu, kwa sababu mwendo unaficha makosa. Kisimamishe mwanzoni, katikati na mwishoni. Soma lebo herufi kwa herufi katika sehemu zote tatu, hasa uzito na namba ya simu, maana namba moja ikigeuka umempa mteja simu ya mtu mwingine. Hesabu vidole. Tazama vivuli vyote kama vinaelekea kulia na mbele, mbali na dirisha lako. Tazama korosho za ndani ya kopo: zikipungua, zikiongezeka au zikitambaa, kirudie hicho kipande.

Na fremu ya mwisho kabisa, ile yenye jina, bei na namba ya kuagiza, usiiombe kwa programu hii. Chukua picha yako halisi ya kopo, iweke kwenye programu ya kuhariri kama `CapCut`, andika maneno humo kwa herufi za kawaida, na iache isimame sekunde 3. Mwanga wake utafanana na vipande vilivyotangulia kwa sababu umeipiga asubuhi ile ile, kwenye dirisha lile lile.